Mfuko mmoja, mita tano: ujazo wa zege la lenta

Hotuba hii niliitoa Morogoro mbele ya mafundi na watu wanaojenga nyumba zao wenyewe. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha, maana vipimo vyote nimevitamka.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mafundi, mama zangu na dada zangu mliosimamisha kuta na sasa mnaitazama lenta, habari za mchana.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kuhesabu vitu kabla havijanunuliwa. Leo nimeombwa nizungumzie zege la lenta: ile inayozunguka nyumba nzima juu ya kuta, na zile za vipande zinazokaa juu ya mlango na dirisha. Sitazungumzia bei. Nondo nitazigusa tu pale zinapohusu ujazo. Swali letu ni moja: zege kiasi gani?

Kabla ya hesabu yoyote, niwaulize. Zege likipungua siku ya kumwaga lenta, linapungua wapi?

Halipungui kwenye karatasi, ndugu zangu. Linapungua kwenye mita za mwisho. Fundi anaanza kumwaga asubuhi upande wa vyumba vya nyuma, simenti ipo, vijana wana nguvu. Saa tisa alasiri amebakiwa na mita kumi na tano na mifuko miwili. Duka liko mbali, mwenye nyumba hapokei simu, mawingu yanakusanyika. Fundi atafanya nini? Ataongeza mchanga. Ataongeza maji. Mbao zitajaa, na kwa macho kazi imekwisha.

Kuna nyumba niliitwa kuitazama baada ya bati kupandishwa. Dirisha kubwa la sebule, lile la vioo vya kuteleza, lilikuwa limeanza kukwama. Juu yake, katikati, lenta ilikuwa na ufa unaoanzia chini kupanda juu. Tukabandua plasta kidogo. Msumari wa inchi nne uliingia kwenye zege kwa kusukuma kwa mkono. Upande wa pili wa nyumba, lenta ileile, siku ileile, msumari uliteleza bila kuacha alama. Nondo zilikuwa sawasawa kila mahali. Tofauti ilikuwa ni mifuko minne ya simenti ambayo haikuwepo kwenye makadirio. Na sebule ndiyo iliyomwagwa mwisho.

Basi tuhesabu, na tuhesabu nyumba moja hadi mwisho.

Nyumba yetu ina mita 10 kwa mita 8, vipimo vya nje. Kuta ni za tofali la inchi 6, yaani milimita 150. Lenta ina upana huohuo wa ukuta, milimita 150, na kimo cha milimita 200, kwa sababu fundi anatumia mbao ya inchi 1 kwa 8 pembeni. Zidisha 0.15 kwa 0.20 upate 0.03. Iandikeni hiyo mkononi kama hamna karatasi: kila mita moja ya lenta ya namna hii inakula mita za ujazo 0.03, yaani lita 30 za zege. Kila mita, lita 30.

Sasa urefu. Kuta za nje: 10 jumlisha 8, mara mbili, ni mita 36. Lakini ukipima hivyo kwa nje, kila kona umeihesabu mara mbili. Kona ni nne, kila moja 0.15, jumla 0.60. Toa, unabaki na mita 35.40. Ndani kuna ukuta mrefu unaokata nyumba kwa urefu wake, mita 9.70 kati ya kuta za nje. Kuna ukuta wa kukatiza unaotoka mbele hadi nyuma. Ukiondoa unene wa kuta unazokutana nazo ni mita 7.55. Na kuna kipande cha ukuta kati ya vyumba viwili vya nyuma, mita 3.70. Ndani jumla ni 20.95. Nje na ndani pamoja: mita 56.35.

56.35 mara 0.03 ni 1.69. Hizo ndizo mita za ujazo za lenta yetu ya mzunguko.

Hapa kijana mmoja kwenye mafunzo aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, mbona hujatoa milango na madirisha?" Swali zuri, na kosa hili nimelikuta kwenye makadirio ya watu wazima. Kwenye tofali tunatoa uwazi wa mlango na dirisha, maana pale hakuna tofali. Kwenye lenta hatutoi. Lenta inapita juu ya uwazi! Nyumba hii ina milango sita ya mita 0.9, madirisha manne ya mita 1.5, dirisha moja la sebule la mita 2.4 na kidirisha cha choo cha mita 0.6. Jumla ya uwazi ni mita 14.4. Ukizitoa, umepunguza lita 432 za zege, karibu mifuko mitatu ya simenti. Na umezipunguza wapi? Palepale ambapo hakuna ukuta chini wa kubeba.

Kitu kimoja zaidi kuhusu sebule. Juu ya lile dirisha la mita 2.4 mhandisi alichora lenta iwe na kimo cha milimita 300 badala ya 200, na iingie sentimita 20 juu ya ukuta kila upande. Urefu wa sehemu hiyo ni 2.8. Nyongeza ni 2.8 mara 0.15 mara 0.10, sawa na mita za ujazo 0.042. Lita 42. Ni robo ya mfuko na kidogo. Watu hujaribu kuiondoa hii ili mbao ziende mstari mmoja kwa urahisi. Tafadhali, msiiondoe bila kumuuliza aliyeichora. Sasa tuna 1.73.

Je, nondo tunazitoa? Lenta hii ina nondo nne za milimita 12. Ukikata lenta na kuitazama usoni, nondo hizo zinachukua kama asilimia moja na nusu tu ya eneo lake. Hatutoi. Mbao zinavimba zaidi ya hapo.

Ndugu zangu, sasa tumefika mahali ambapo mifuko hupotea.

Tuna 1.73. Mchanganyiko ni 1:2:4, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Moja na mbili na nne ni saba. Mtu anachukua 1.73 anagawa kwa saba, anapata 0.247 ya simenti. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Anagawa, anapata mifuko 7. Anaandika saba, anamkabidhi mwenye nyumba, mwenye nyumba ananunua saba.

Mifuko saba haitoshi. Inatakiwa kumi na moja.

Kwa nini? Chukueni ndoo ya lita 20, ijazeni kokoto mpaka mdomoni. Imejaa? Sasa mimineni maji humo. Yataingia lita nane, tisa, bila kumwagika. Kumbe ndoo ilikuwa na nafasi tupu katikati ya kokoto. Kwenye zege, mchanga huingia kwenye nafasi za kokoto, na simenti na maji huingia kwenye nafasi za mchanga. Kwa hiyo ndoo moja na mbili na nne hazikupi ndoo saba za zege. Zinakupa nne na nusu hivi. Sisi wakadiriaji huzidisha ujazo wa zege kwa 1.54 ili kupata ujazo wa vitu vikavu. 1.73 mara 1.54 ni 2.66. Gawa kwa saba, ni 0.38. Gawa kwa 0.035 ya mfuko, ni mifuko 10.9. Kumi na moja.

Kwenye ile nyumba ya msumari ndivyo ilivyokuwa. Niliomba karatasi ya makadirio nikaisoma: saba, kwa hesabu ya kugawa tu. Mifuko minne ilipotea kwenye mstari mmoja wa kugawa.

Sasa nawapa kipimo ambacho hakihitaji kikokotoo. Mfuko mmoja kwa 1:2:4 unatoa lita 159 za zege. Lenta yetu inakula lita 30 kwa mita. Kwa hiyo mfuko mmoja unakwenda mita 5.3. Semeni nami: mfuko mmoja, mita tano. Tena! Mfuko mmoja, mita tano. Kile kipande cha 0.3 kiacheni kiwe cha zege linalodondoka kwenye karai na linalobaki kwenye sakafu ya kuchanganyia.

Lakini angalieni, kipimo hiki ni cha lenta ya milimita 150 kwa 200 na cha mchanganyiko huo tu. Ukuta wako ukiwa wa inchi 9, milimita 225, kila mita inakula lita 45 na mfuko unakwenda mita tatu na nusu. Mhandisi akikuandikia 1:1.5:3, mfuko unatoa lita 125 tu na kwenye lenta yetu unakwenda mita nne. Usiuchukue ule wa tano ukaupeleka kila mahali.

Na huo mchanganyiko unaupimaje? Naona vijana wanacheka, wanajua nitakakokwenda. Koleo si kipimo. Koleo la asubuhi na koleo la saa kumi jioni si sawa. Tengenezeni boksi la mbao lisilo na kitako, ndani liwe sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Zidisheni: ni lita 35 kamili, mfuko mmoja. Mfuko mmoja wa simenti, maboksi mawili ya mchanga, maboksi manne ya kokoto. Mchanga ukiwa na unyevunyevu huvimba, kwa hiyo boksi la mchanga mbichi lina mchanga pungufu kuliko la mchanga mkavu; mtu aliyezoea ataongeza kidogo kwenye mchanga na kupunguza kwenye maji. Maji yenyewe, lita 25 hadi 27 kwa mfuko, pamoja na yale yaliyomo tayari kwenye mchanga. Zege likionekana gumu kushindilia, dawa yake ni kushindilia zaidi kwa fimbo ya nondo au vaibreta. Ndoo ya nyongeza ya maji siyo dawa.

Kwa nyumba yetu basi: 1.73, ongeza asilimia kumi ya upotevu kwa sababu tunapandisha kwa karai, inakuwa 1.9. Simenti ni karibu mifuko 12 kamili. Nunua 13. Mchanga ni mita za ujazo 0.84, kokoto 1.68. Mfuko wa kumi na tatu ukibaki, utatumika kwenye plasta. Ukikosekana, hautapatikana saa kumi jioni.

Nije kwenye jambo ambalo mama mmoja aliniuliza mlangoni kabla hatujaanza. Alisema fundi wake anataka kumwaga lenta za vipande juu ya kila uwazi, halafu aongeze kozi tatu za tofali, halafu lenta ya mzunguko juu kabisa chini ya kenchi. Jirani yake amemwaga moja tu ya mzunguko, usawa wa juu ya milango. Nani anaibiwa?

Tupige hesabu. Vipande: kila kimoja ni upana wa uwazi jumlisha sentimita 40, ishirini kila upande kwa ajili ya kukalia ukuta. Milango sita mara 1.3 ni 7.8. Madirisha manne mara 1.9 ni 7.6. Sebule 2.8. Choo 1.0. Jumla mita 19.2, mara 0.03, ni 0.576, na ile nyongeza ya sebule 0.042. Ukijumlisha na lenta ya mzunguko ya juu, 1.69, unafika 2.31. Pamoja na upotevu ni karibu mifuko kumi na sita, badala ya kumi na mbili. Tofauti ni mifuko minne, bila kusahau nondo na mbao.

Mama, hakuna anayekuibia. Lenta moja ikipita usawa wa juu ya milango, inafanya kazi mbili: inabeba tofali zilizo juu ya uwazi na inazifunga kuta zote pamoja. Kwa nyumba ya chini yenye kuta fupi juu ya lenta, ndiyo njia ya kawaida kwetu, na ni halali. Lakini zile kozi tatu za juu zinabaki bila kitu cha kuzifunga, na kenchi zimekaa juu yake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, na nyumba nyingi za matofali zilipasuka na kuanguka. Kuta zikitikiswa, kona ndiyo huachia kwanza, na sehemu ya juu ya ukuta isiyofungwa hutoka nje. Kama unajenga Bukoba, au kama kuta zako ni ndefu na paa lako ni zito, mifuko minne ile ni ya haki yake. Hapo muulize mhandisi, siyo mimi wala jirani.

Kosa ninalolikuta hapa ni kwa mkadiriaji. Mchoro unaonyesha lenta moja tu ya mzunguko, naye kwa mazoea anahesabu mzunguko, halafu anahesabu tena vipande vya juu ya milango. Vipande hivyo tayari vimo ndani ya mzunguko. Amemnunulisha mtu mifuko minne isiyo na kazi. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, tazama mchoro wa ukuta kwa upande: je, mzunguko na uwazi viko kimo kimoja au viwili?

Sasa, mtu anaweza kuhesabu vizuri yote haya na bado zege lisitoshe. Kwa nini? Nawaambia mafundi hasa: ujazo unakimbilia kwenye upana, hauko kwenye urefu.

Ile kona tuliyoihangaikia, kama ungeisahau kabisa, kona zote nne zingekugharimu lita 18. Hazifiki hata ndoo moja. Lakini tuseme mbao zimefungwa kwa waya mmoja kila mita moja na nusu. Zege linapoingia zinavimba, upana wa 150 unakuwa 170. Milimita ishirini, hata jicho halioni. Mara kimo, mara mita 56: ni lita 225. Mfuko mmoja na nusu. Ukijaza na kupitiliza kimo kwa sentimita moja, ni lita 85 nyingine, zaidi ya nusu mfuko. Nimewaona watu wakigombana kuhusu kona na huku mbao zimeachia tumbo ukuta mzima.

Na kama tofali zako zina matundu, ule mstari wa juu utalimeza zege kimyakimya. Zibeni matundu kabla ya kufunga nondo, kwa mota na vipande vya tofali, au pangeni kozi ya mwisho kwa tofali nzima. Kuta za mawe, kama wenzetu wa pwani wanavyojenga, zina mgongo usiolingana. Usawazisheni kwanza, la sivyo kimo cha lenta kitakuwa 200 hapa na 240 pale.

Kwa hiyo asubuhi ya kumwaga, kabla mfuko wa kwanza haujachanwa, mtu achukue futi apite juu ya mbao zote. Apime upana na kimo sehemu kumi, si moja. Aone kama nondo zimeinuliwa juu ya biskuti, zile za mota za milimita 25, na hazijalala kwenye tofali. Akikuta upana wa 165, aandike 165 na ahesabu upya palepale, maana bado duka liko wazi.

La mwisho, na hili ndilo ninaloomba mlifanye hata kama mengine mmesahau. Hesabuni mifuko mkifika nusu.

Nusu ya nyumba yetu ni mita 28. Wekeni alama ya chaki kwenye mbao. Zege likifika kwenye chaki, simamisheni kwa dakika moja, hesabuni mifuko mitupu iliyo chini. Mnatarajia mitano hadi sita. Mkikuta saba, mbao zimevimba au matundu yanameza. Tumeni mtu dukani sasa hivi, saa sita mchana, siyo saa kumi. Mkikuta minne, wengi watafurahi. Msifurahi! Mifuko minne kwa mita 28 ni mita saba kwa kila mfuko. Hilo si zege la 1:2:4 tena, linaelekea 1:3:6, ambalo ni la kusawazisha chini ya msingi, si la kupita juu ya dirisha. Maana yake boksi limetupwa pembeni na koleo limerudi.

Na ikitokea kweli kwamba mnapaswa kusimama kabla ya mwisho, mvua imekuja au simenti imekwisha, simameni juu ya ukuta mzima, mbali na uwazi na mbali na kona. Zibeni kwa ubao wima, nondo zipite, msiache zege linateremka kama mteremko. Kesho yake kwaruzeni uso ule, lowesheni, endeleeni. Juu ya uwazi msisimame kamwe. Kama mifuko iliyobaki haitoshi kuvuka dirisha la sebule, msianze kulivuka. Lile la mita 2.4 lenye kimo cha 300 linakula lita 126 pamoja na sehemu zinazokalia ukuta. Mfuko mmoja unalitosha. Utengeni mfuko huo tangu asubuhi, uandikeni kwa chaki "sebule", na asiuguse mtu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Waliokuja na ramani wazilete hapa mbele, tuanze na ya mama.